Uzi: Kigezo cha bati cha jiko la mkaa kimetoa koni ndogo kuliko mchoro. Nimekosea wapi?

karakana_moro

Habari zenu wanajukwaa. Nina karakana ndogo hapa Morogoro. Tuna mikasi ya bati, bomba nene la chuma tunaloviringishia, nyundo za mbao na za chuma, lakini hatuna mashine ya kukata inayoendeshwa kwa kompyuta. Tunataka kuanza kutengeneza majiko ya mkaa yenye kiuno, yale ya gamba la bati na chungu cha udongo ndani ya nusu ya juu, ambayo yalianza kuenea Kenya katika miaka ya 1980.

Gamba nimelichora kwenye FreeCAD 0.21. Ni koni mbili zilizokatwa ncha, zinazokutana kiunoni. Mdomo una kipenyo cha milimita 300, kiuno 200, kitako 300, na kila nusu ina kimo cha milimita 120. Kwa kuwa nusu ya juu na ya chini zinalingana, nilitarajia kigezo kimoja kitoshe kwa zote mbili. Nilipobonyeza Unfold kwenye SheetMetal, programu ilikataa kuikunjua koni, hivyo nikapiga hesabu mwenyewe:

```python
import math
D1, D2, h, t = 300.0, 200.0, 120.0, 0.6
R1, R2 = (D1 - t)/2, (D2 - t)/2
s = math.hypot(h, R1 - R2)
L = R1 * s / (R1 - R2)
print(s, L, L - s, 360*(R1 - R2)/s)
```

Nilipata mteremko wa 130, tao la nje lenye nusu kipenyo 389.2, tao la ndani 259.2, na pembe ya nyuzi 138.46. Nikachora umbo hilo kwenye Sketcher, nikalipeleka TechDraw, na vijana wa steshenari wakanichapia vipande vya A4 ambavyo tuliviunganisha kwa gundi. Tulikata bati la milimita 0.6, tukaviringisha, tukafunga kwa mshono wa kufuli wenye upana wa milimita 6.

Koni iliyotoka ni ndogo. Mdomo nikiuzungushia tepu kwa nje napata 896 badala ya 942, na kiuno napata 591 badala ya 628. Chungu kinaingia kwa kubana na hakibaki na nafasi ya kujazia saruji. Hesabu nimeirudia mara tatu na sijaona kosa. Naomba mnisaidie.

kona_na_mkunjo

Ndugu, tatizo lako ni K-factor. Bati likikunjwa, upande wa nje hurefuka na upande wa ndani hufupika, na programu isipojua mstari usiobadilika uko wapi, vipimo vyote hupotea. Weka 0.44 kwenye mipangilio, kisha urudie. Mimi hutengeneza masanduku ya swichi za umeme, na kosa hili lilinitesa mwaka mzima kabla sijalielewa.

mzee_wa_kamukunji

Kaka karakana_moro, hesabu yako ni sahihi na ninakupongeza kwa kutumia kipenyo cha katikati ya unene badala ya kipenyo cha nje. Kwa bati la 0.6 jambo hilo hubadilisha mzingo kwa milimita 2 tu, na hapo ndipo linapoishia suala la K-factor. Ndugu kona_na_mkunjo anasema kweli kuhusu masanduku, ambako kuna mikunjo mingi mikali na kila mmoja huongeza au kupunguza kidogo. Koni inayoviringishwa polepole kwenye bomba haina mkunjo mkali hata mmoja isipokuwa kwenye mshono, kwa hiyo K-factor haiwezi kukupotezea milimita 46.

Sasa tuziulize namba zako. Mdomoni umepungukiwa milimita 46, na kiunoni 37. Kama kosa lingekuwa moja la kipimo kilichosinyaa, upungufu ungelingana na urefu: kiuno ni theluthi mbili ya mdomo, basi kingepungukiwa kama 31 na si 37. Kama kosa lingekuwa ni mshono peke yake, upungufu ungekuwa sawa pande zote mbili, kwa sababu mshono hula bati kiasi kilekile juu na chini. Wewe huna hili wala lile. Una yote mawili kwa pamoja.

Yatenganishe hivi. Tofauti kati ya upungufu wa mdomo na wa kiuno ni milimita 9. Tofauti kati ya mizingo yenyewe, yaani 942 na 628, ni 314. Ukigawanya 9 kwa 314 unapata karibu asilimia 3, na hicho ndicho kiwango ambacho karatasi yako ilisinyaa. Asilimia 3 ya 942 ni 28. Ukiitoa kwenye 46 inabaki 18. Asilimia 3 ya 628 ni 19. Ukiitoa kwenye 37 inabaki 18 tena. Hiyo 18 inayojirudia ndiyo mshono wako, kwa maana kufuli la milimita 6 hula bati mara tatu ya upana wake.

Usiniamini kwa maneno matupu. Pima mteremko wa koni hiyo kutoka mdomoni hadi kiunoni, ukifuata bati lenyewe. Mshono hauugusi mteremko, kwa hiyo ukikuta 126 badala ya 130, karatasi ndiyo iliyokudanganya.

chuma_pwani

Mimi naona mnajitesa. Tengeneza jiko la pembe nane. Nyuso zote zinakuwa bapa, Unfold inakubali bila shida, na unakunja kwa mashine ya kawaida. Nimetengeneza vifuniko vya bomba la moshi vya hoteli kwa njia hiyo hapa Mombasa, na havijawahi kunirudia.

karakana_moro

Mzee, nimepima. Mteremko ni 126 kamili. Nimerudi pia kwenye karatasi na kuweka rula juu ya mstari ambao mchoroni nilikuwa nimeuandika 100, nao una 97. Kijana wa steshenari alikuwa ameacha chaguo la kutoshelezesha ukurasa, na mimi sikujua kwamba chaguo hilo lipo. Kuhusu mshono ninakiri kwamba nilidhani kingo zikilaliana, ukubwa hautabadilika.

Ndugu chuma_pwani, nashukuru kwa wazo. Tatizo ni kwamba chungu ni cha duara. Ndani ya pembe nane, chungu kinachokaribia katikati ya kila ubapa kitakuwa mbali na kila kona kwa milimita 12 zaidi pale mdomoni, na nafasi hiyo yote italazimika kujazwa saruji. Jiko litakuwa zito bila faida.

mzee_wa_kamukunji

Vizuri. Kwenye TechDraw fungua sifa za mwonekano, ubadilishe ScaleType iwe Custom na Scale iwe 1, kwa sababu ukiiacha Automatic inaweza kupunguza mchoro ili utoshee ukurasa kabla hata haujafika kwa kijana wa steshenari. Kisha chora mistari miwili ya milimita 100 pembeni mwa kila ukurasa, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Ipime yote miwili kabla ya kugusa gundi, maana nimewahi kukuta printa iliyo sahihi upande mmoja na yenye kosa upande wa pili. Ukishapata karatasi sahihi, hamishia mchoro kwenye bati nene, ulikate, ulisawazishe kwa tupa, na hicho ndicho kiwe kigezo cha karakana. Karatasi hunywa unyevu na hubadilika.

Kwa mshono, ongeza milimita 6 kwenye ukingo mmoja wa pembeni na 12 kwenye ule mwingine, kwa mistari inayokwenda sambamba na ukingo. Usiongeze kwa kukuza pembe, kwa sababu ukikuza pembe nyongeza itakuwa pana mdomoni na nyembamba kiunoni, na kufuli halitakubali kulala. Halafu kata kona za nyongeza hizo, kule juu na kule chini. Ukisahau, pale mshono unapokutana na mkunjo wa mdomo bati zitarundikana tabaka juu ya tabaka, nyundo itagonga bila kuzilaza, na jiko litakuwa na kinundu kinachokata vidole.

Bado hujatuonyesha mlango wa hewa. Umeuchoraje kwenye kigezo?

karakana_moro

Nimeuchora kama mstatili wa upana wa 100 na kimo cha 65, katikati ya kigezo ili uwe upande wa pili wa mshono, na ukingo wake wa chini uko milimita 20 juu ya kitako. Je, kuna kosa?

mzee_wa_kamukunji

Kuukata mlango upande wa pili wa mshono ni jambo jema. Kosa liko kwenye mistari iliyonyooka. Kigezo chako ni kipande cha duara, na kila mstari ambao kwenye jiko utakuwa wa kulala sawasawa na sakafu, kwenye kigezo lazima uwe tao lenye kitovu kilekile cha matao mawili makubwa. Ukikata ukingo wa chini wa mlango kwa mstari ulionyooka, baada ya kuviringisha ncha zake mbili zitashuka milimita 3 na zaidi kuliko katikati. Jicho litauona mlango umenuna, na hilo si neno. Tatizo ni kifuniko: ukikikata chenye kingo za kulala sawasawa, kitapishana na tundu na hewa itapenya hata ukiwa umekifunga. Mtumiaji hupunguza moto kwa mlango huo. Kama haufungi, mkaa utaendelea kuteketea wakati maharage yanahitaji kuchemka taratibu tu.

Kwa vipimo vyako, ukingo wa chini uwe tao la 369 na wa juu tao la 304, na pande mbili zifuate mistari inayotoka kitovuni, nyuzi 8.5 kila upande wa mstari wa kati. Mlango utakuwa na upana wa takriban 110 chini na 90 juu, na eneo lake litabaki lilelile. Kifuniko kikate kutoka kwenye matao hayohayo, ukiongeza milimita 8 pande zote ili kilalie bati, na kukiviringisha ufanye kwenye bomba lilelile ulilotumia kwa gamba.

Jambo hili linakupa pia jibu la swali lako la kigezo kimoja. Kimoja kinatosha kwa umbo, lakini nusu ya chini ina mlango na pia meno ya kuungia kiunoni, wakati nusu ya juu haina. Mimi huweka kigezo kimoja chenye tundu la mlango, na nusu ya juu fundi anaruka tundu hilo anapochora.

mama_chungu

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mfinyanzi, nafinyanga vyungu vya majiko kwa ajili ya mafundi bati, na ninaomba niseme jambo ambalo limenigombanisha na mafundi wengi. Mnachora bati kwanza, kisha mnatafuta chungu. Udongo wangu tangu ukiwa mbichi hadi utoke tanuruni hupungua karibu sehemu moja ya kumi, na hata vyungu vya tanuru moja havilingani, kwa sababu kilichokaa karibu na moto hupungua zaidi. Fundi akiniletea namba za kwenye skrini, mimi nitampa chungu kilicho karibu nazo, si chungu cha namba hizo.

Pima vyungu kumi vilivyochomwa, chukua kikubwa kuliko vyote, kisha uache nafasi ya kujazia ya kidole kimoja kati yake na bati. Vile vidogo vitapata ujazo mnene zaidi, na ujazo mnene haumdhuru mtu.

Nina swali pia. Kwenye mchoro wako, mwanangu karakana_moro, chungu umekichora? Maana umesema habari za gamba tu.

karakana_moro

Shikamoo mama. Hapana, sikukichora. Nilichora gamba, wavu wa mkaa na mafiga. Mafiga ni vipande vitatu vya chuma bapa chenye upana wa 25, vimepigwa ribiti kwenye mdomo wa bati na vimesimama milimita 12 juu ya ukingo wa bati.

mama_chungu

Marahaba. Sasa nenda kaweke chungu ulichonunua ndani ya gamba, kikae pale kitakapokaa siku zote, halafu utazame ukingo wake. Vyungu vingi huchungulia juu ya bati kidogo. Vyangu huchungulia milimita 5. Kama chako ni hivyo, sufuria haitakuwa milimita 12 juu ya moto unaotoka, itakuwa 7.

karakana_moro

Mama, kinachungulia milimita 5 kamili. Na sasa naelewa kitu tulichokiona Jumamosi tulipowasha jiko la kwanza, lile lililobana. Mkaa ulikuwa unawaka vizuri na kung'aa, lakini tukiweka sufuria kubwa unafifia, na tukiinyanyua unarudi kuwaka. Tulidhani ni mkaa wenye unyevu.

mzee_wa_kamukunji

Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mkaa wenye unyevu hulia na kurusha cheche, na haujali sufuria ipo au haipo. Mkaa unaofifia sufuria ikikaa na kuamka ikiondoka umezibwa njia ya kutokea. Zaidi ya hapo, mkaa uliokosa hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo msilijaribu jiko hilo ndani ya chumba.

hewa_safi_mwz

Naomba kuongezea kuhusu hewa, kwa kuwa nimetengeneza majiko ya kuni ya roketi hapa Mwanza kwa miaka kadhaa. Kanuni yetu ni kwamba eneo la njia ya hewa libaki lilelile tangu inapoingia hadi inapotoka. Mlango wako una sentimita za mraba 65. Wavu ukiwa na matundu 37 ya milimita 15, nao una 65. Kama mdomo wa chungu una kipenyo cha 240, mzingo wake ukitoa mafiga matatu ni kama 679, kwa hiyo nafasi ya milimita 10 chini ya sufuria itakupa 68. Basi 10 inatosha, na 12 ni kupoteza joto.

mzee_wa_kamukunji

Hesabu ya ndugu yetu ni nzuri kwa kuanzia, na inaonyesha wazi kwa nini 7 ilishindwa, kwani 7 inatoa chini ya 48. Ila kuna mambo mawili. La kwanza, hewa inayoingia mlangoni ni baridi, na gesi inayotoka chini ya sufuria ni ya moto sana. Kwenye nyuzi 600 za Selsiasi, hewa ileile huchukua nafasi kama mara tatu ya ile iliyokuwa nayo mlangoni. Njia ya kutokea yenye eneo sawa na ya kuingilia kwa kweli ni nyembamba zaidi kwa gesi hiyo. La pili, jiko la kuni lina miali inayopanda na kulamba sufuria, lakini mkaa hupasha sana kwa mng'ao wake, kwa hiyo umbali kati ya mkaa na kitako cha sufuria una uzito kuliko unavyodhani. Mimi nisingeshuka chini ya 12 juu ya ukingo wa chungu.

hewa_safi_mwz

Nakubaliana kuhusu joto la gesi, sikulitia hesabuni. Lakini sikubali kwamba 12 ndiyo namba. Nafasi ikiongezwa, upepo wa nje nao huingia. Huku ziwani jikoni mwetu hupigwa upepo jioni nzima, na jiko lenye mafiga marefu hula mkaa kama halina chungu.

karakana_moro

Ninarudi na matokeo ya wiki hii. Nimeongeza chungu kwenye mchoro kama kitu kamili chenye vipimo vyake vya baada ya kuchomwa, na urefu wa mafiga sasa unahesabiwa kutoka ukingo wa chungu, si wa bati. Vipenyo na kimo nimeviweka kwenye Spreadsheet, ili mama akinipa chungu kikubwa zaidi nibadilishe sehemu moja tu. Steshenari nilisimama mwenyewe mpaka mistari ya 100 ikatoka 100, pande zote mbili.

Koni mpya ina mzingo wa 941 mdomoni na 627 kiunoni, na mteremko ni 130. Chungu kimeingia na kuacha nafasi ya milimita 13 hivi kuzunguka. Mlango una kingo za tao, na kifuniko kinalala vizuri isipokuwa kona moja ya juu, ambako bati lilijipinda mkasi ulipofika mwisho. Safari ijayo tutatoboa tundu dogo kwenye kila kona kabla ya kukata. Kwenye bati la 2440 kwa 1220, nikipanga vigezo kwenye skrini pamoja na nyongeza za mishono, ninapata vipande 12, yaani majiko 6, na mabaki yanatosha vifuniko vya milango.

Mafiga nimetengeneza seti mbili, ya 12 na ya 15. Kwa sufuria kubwa, mkaa haufifii kwa seti yoyote kati ya hizo mbili. Kinachonisumbua ni sufuria ndogo yenye kitako cha 200, ambayo ni nyembamba kuliko mdomo wa chungu na inashikiliwa na ncha za mafiga tu. Gesi nyingi inapita pembeni yake bila kuigusa. Nirefushe mafiga kuelekea ndani na kuyainamisha ili sufuria ndogo ishuke karibu na mkaa, au nitaharibu nafasi ya sufuria kubwa?

mama_chungu

Ukiyainamisha, sufuria kubwa ya kitako bapa itakaa kwenye ncha za nje, na hapo ndipo upime upya nafasi yako. Kabla ya kuyapinda, pima mkaa kwa mizani, nusu kilo kwa kila jaribio, na maji kiasi kilekile ndani ya sufuria ileile, seti ya 12 siku moja na ya 15 siku nyingine, mahali pasipo na upepo. Kisha rudia mahali penye upepo, ili huyu ndugu wa Mwanza naye apate jibu lake.

hewa_safi_mwz

Mama, nitafanya jaribio la upepo mwenyewe. Kaka karakana_moro, naomba unitumie faili la kigezo, nikate kwa bati nililonalo la 0.5 na kulijaribu huku kabla ya mwisho wa mwezi.